Wakuu, neno "kronomita" kwenye saa nililipie zaidi au ni mbwembwe?

Kaka_wa_Temeke: Habari za jioni. Kuna jamaa anauza saa mbili za otomatiki, zote za kampuni moja na zimetumika miaka kama kumi. Yenye neno kronomita usoni anataka laki nne zaidi, eti ilipimwa Uswisi. Ilipimwa nini hasa? Mimi ni wa daladala na ofisini tu.

Mkimbiaji77: Chukua mkuu! Ninayo, nikianza mbio nabonyeza kitufe cha pembeni, nikimaliza nabonyeza tena.

Fundi_Ghorofani: Hiyo yako ni kronografu, ndugu. Kronomita ni habari ya usahihi. Uswisi kuna taasisi inaitwa COSC, ipo tangu 1973. Kampuni inawapelekea mashine peke yake, haijavalishwa kasha, nayo inapimwa siku 15. Wanailaza chali na kifudifudi, kisha wanaisimamisha kifundo cha kujazia kikiangalia juu, chini na kushoto, maana mashine ileile huwahi ikilala na kuchelewa ikisimama. Wanaipima pia kwenye nyuzi 8, 23 na 38. Kwa mashine za saizi ya kawaida, wastani wa siku usichelewe zaidi ya sekunde 4 wala kuwahi zaidi ya 6.

Bi_Kidawa: Kwa hiyo haipotezi hata dakika, na maji haiingizi.

Fundi_Ghorofani: Maji hayamo kwenye kipimo hicho, dada. Na ikiwahi sekunde 5 kila siku bado imefaulu, ila mwezi ukiisha imeshakuacha dakika mbili na nusu. Saa nyingi za betri za bei chee zinaishinda hapo.

Mzee_Tiktak: Yangu ni kronomita halali. Mwaka juzi ikaanza kuwahi dakika tatu kwa siku. Fundi mmoja akataka kuifungua yote. Mjukuu akaleta dira yake ya shule, kuisogeza tu sindano ikazunguka: saa imeshika sumaku. Kila usiku nilikuwa nailaza juu ya spika! Ilitolewa sumaku dakika moja, ikatulia.

Fundi_Ghorofani: Ndiyo maana cheti cha miaka kumi nyuma hakikuambii saa ikoje leo. Mafuta yakikauka ndani, kronomita inayumba kama nyingine. Kaka, muulize jamaa ilisafishwa lini. Akikubali, kaa nazo siku nne: zilinganishe na simu saa mbili usiku, kila siku saa ileile. Inayopotea kiasi kilekile kila siku inarekebishika. Leo ikiwahi 20, kesho ikichelewa 15, iache.

Bi_Kidawa: Ila siku ya kuiuza, lile neno si litamrudishia laki nne zake?

Fundi_Ghorofani: Inategemea mnunuzi. Wapo wanaolitafuta, wengi wa kwangu hawaliulizi.

Kaka_wa_Temeke: Kakubali siku mbili tu, na niache kitambulisho. Ile ya laki nne, nikimuuliza kuhusu kusafishwa, anasema "haijawahi kuguswa", tena kwa kujisifu.

Fundi_Ghorofani: Miaka kumi haijaguswa? Basi toa pesa ya usafi kwenye hizo laki nne kabla hujajibu.