Naombeni ushauri: navinjari kwa kibodi pekee, ila fomu zinajifuta zenyewe

Karani_Mtulivu
Wakuu, salaam. Kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma, kwa hiyo tangu mwezi uliopita nimeachana na mausi. Nimeweka Vimium kwenye Chrome. Nikibonyeza `f` kila linki inabandikwa herufi, naandika hizo herufi naingia. `j` na `k` zinanishusha na kunipandisha. Raha tupu, mpaka wiki hii. Nikiwa najaza fomu fulani, ghafla inafutika yote. Mara nyingine ukurasa mzima unapotea. Nimeshaamua kuhamia ekstensheni nyingine, naomba mniambie ipi ni nzuri.

Babu_wa_Firefox
Karibu kwenye chama, kijana. Mimi nilianza na Vimperator, hata kugusa mausi nilisahau. Firefox 57 ilipotoka Novemba 2017 ekstensheni za zamani zote zikakatwa, na yangu ikaenda nazo. Niliomboleza kama mtu aliyefiwa. Siku hizi niko Tridactyl. Hamia huku.

Mama_Kulwa
Huo mkono umeupeleka hospitali? Mume wangu alianza hivihivi, akawa anasema ni baridi, mpaka kushika kikombe ikawa shida. Acha kompyuta kwanza, nenda kapimwe.

Fundi_wa_Zamu
Kabla hujahamia popote: ni fomu gani, na inafutika ukiwa umefanya nini? Ekstensheni zote za aina hii zinafanana tabia. Kosa lako utahama nalo.

Karani_Mtulivu
Ni fomu ya kawaida tu, mkuu. Majina, namba za simu, mdhamini. Naandika jina, inafutika. Sijafanya kitu kingine.

Shangazi_Mkali
"Mdhamini"? Hiyo ni fomu ya mkopo. Na mikopo haijazwi nyumbani sebuleni. Hiyo kompyuta ni ya nani?

Karani_Mtulivu
Shangazi, swali langu ni la ekstensheni.

Shangazi_Mkali
Nimekuuliza kompyuta ni ya nani.

Karani_Mtulivu
Sawa. Ni ya ofisini. Nipo kwenye chama cha kuweka na kukopa, naingiza maombi ya wanachama. Sikuomba ruhusa kwa sababu sikuona cha kuombea, ni kitu kidogo, na kazi yangu imekuwa ya haraka kuliko ya wenzangu. Mausi nimeshampa dada wa dirisha la pili, lake lilikuwa bovu. Siwezi kwenda kulidai.

Shangazi_Mkali
Kitu kidogo! Wakati unaiweka, Chrome haikukuandikia kwamba itaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote? Vitambulisho vya watu na madeni yao, wewe unasema kitu kidogo.

Dereva_wa_Tab
Shangazi kasema kweli. Vimium inaiba data.

Fundi_wa_Zamu
Hapana, Dereva, usiende mbali hivyo. Ruhusa hiyo inaiomba kwa sababu haiwezi kubandika herufi juu ya linki za ukurasa bila kuusoma na kuuchorea. Msimbo wake uko wazi, anayetaka anausoma. Lakini Shangazi ana haki kwenye jambo moja: anayeamua kama ruhusa hiyo itolewe kwenye mashine yenye taarifa za wanachama ni mwenye mashine, siyo karani. Hilo mtamalizana ofisini kwenu.

Turudi kwenye fomu. Niandikie kidole kwa kidole. Usiniambie "naandika jina". Nani alikuwa mdhamini wa fomu ya mwisho iliyopotea?

Karani_Mtulivu
Juma Alex. Hiyo ilifunga ukurasa kabisa. Kabla yake Asha Rajabu, hiyo ukurasa ulibaki ila visanduku vyote vikawa vyeupe. Na jana, sikusema kwa sababu ni kama uchawi, nikiwa naandika Zawadi Omari kisanduku kikajitokeza katikati ya skrini, ndani kimeandikwa "mari".

Kinyozi_wa_Kona
Alex ndiye tatizo. Mnyimeni udhamini.

Mpekuzi_77
Samahanini wanajukwaa, mimi hadithi hii inaninukia. Nina Vimium miaka minne. Ukiwa ndani ya kisanduku cha kuandikia, inanyamaza yenyewe. Unaandika `x` mia moja, hakuna kinachofungwa. Pili, ukurasa ukifungwa unabonyeza `X` kubwa unarudi. Mtu anayejua `f` na `j` asijue `X`? Na hayo majina matatu, kila moja na balaa lake, yamepangika mno. Huyu ama anatunga, ama ni mtu wa mifumo wa hiyo ofisi anatafuta nani kaweka ekstensheni.

Dereva_wa_Tab
Eeh! Hata mimi nilijiuliza, mkono unauma halafu anaandika fomu kutwa nzima?

Karani_Mtulivu
Jamani, nitunge ili nipate nini? `X` naijua. Ukurasa unarudi, niliyoandika hayarudi. Fomu yenyewe ina visanduku ishirini na kitu.

Fundi_wa_Zamu
Mpekuzi yuko sahihi nusu. Ndani ya kisanduku inanyamaza, kweli. Kwa hiyo swali ni moja tu: alitokaje kwenye kisanduku bila kujua? Na hiyo "mari" ndiyo inayonifanya nimwamini, maana mtunzi asingeifikiria. `o` ndogo ndiyo inayofungua kile kisanduku cha kutafutia anwani na historia. O imeliwa kama amri, "mari" zikaandikwa humo ndani.

Fanya hivyohivyo kwa mengine. "alex" ikiandikwa nje ya kisanduku: `a` haina kazi, `l` inasogeza ukurasa kulia, `e` haina kazi, `x` inafunga. "rajabu": `r` inapakia ukurasa upya, ndiyo sababu visanduku vilikuwa vyeupe. R imeliwa, imebaki ajabu.

Karani, kati ya jina la kwanza na la pili unabonyeza nini?

Karani_Mtulivu
Nafasi tu.

Fundi_wa_Zamu
Na kabla ya nafasi?

Karani_Mtulivu
Kuna orodha ya mapendekezo inashuka chini ya kisanduku nikiandika jina la kwanza, inafunika kisanduku cha chini. Naifuta kwa Esc halafu naendelea na jina la pili. Lakini hiyo Esc nilikuwa naibonyeza tangu zamani, hata kabla ya Vimium, haina shida.

Fundi_wa_Zamu
Ndiyo hiyo. Zamani Esc ilifuta orodha ikaishia hapo. Sasa Vimium nayo inaisikia, na kwake Esc maana yake ni "toka kwenye kisanduku". Orodha inafutika kama unavyotaka, na wewe unatolewa nje palepale. Kuanzia hapo kila herufi ni amri. Dalili iko machoni pako: ukishabonyeza Esc, kile kimstari kinachopepesa ndani ya kisanduku kinatoweka. Dalili ya pili ni ile nafasi uliyobonyeza. Kama ukurasa uliruka chini, ulikuwa nje tayari.

Karani_Mtulivu
Unaruka kweli. Nilidhani ni mtandao.

Mpekuzi_77
Haya, hilo la Esc sikuliwaza. Lakini basi kila fomu ingepotea, mbona ni baadhi?

Fundi_wa_Zamu
Kwa sababu majina mengi hayana r, x, o wala t mahali pabaya. Chukua "hamisi": `h` inasogeza kushoto, `a` hakuna, `m` inasubiri herufi inayofuata ili iweke alama ya mahali, inakula `i`, `s` hakuna, `i` ya mwisho inaiambia Vimium inyamaze. Hakuna kilichofutika. Ila jina Hamisi halikuingia kwenye fomu. Karani, zitazame fomu ulizokwisha kuzituma. Hizo ndizo za kuogopa, siyo zilizofutika.

Karani_Mtulivu
Mkuu, umeniharibia usiku.

Dereva_wa_Tab
Dawa ni rahisi. Bonyeza alama ya Vimium juu kulia, weka anwani ya mfumo wenu kwenye orodha ya kutengwa, acha sehemu ya herufi tupu, inazimika humo tu. Mwisho wa habari.

Karani_Mtulivu
Nikiizima humo nitabonyezaje kitufe cha kuhifadhi? Hiyo `f` ndiyo inayookoa mkono wangu. Mfumo wetu ukipiga Tab mpaka kwenye kitufe ni safari ya Kigoma.

Babu_wa_Firefox
Basi hamisha amri hatari ziwe za herufi mbili. Fungua Options za Vimium, kwenye Custom key mappings uandike:

```
unmap r
unmap x
unmap o
unmap t
map gr reload
map gx removeTab
```

Halafu ubonyeze Save Changes. Kufungua anwani utabaki na `O` kubwa, inafungua kwenye kichupo kipya.

Fundi_wa_Zamu
Babu, hiyo inazuia fomu isifutike, nakubali. Lakini tazama: "alex" ikiandikwa nje ya kisanduku, sasa haitafunga kitu na haitaingia popote. Umeondoa kelele, kosa limebaki kimya. Kwake yeye afadhali fomu ifutike aone.

Mimi ningeacha Esc. Orodha ikishuka, piga Tab kisha Shift na Tab. Unatoka kwenye kisanduku na kurudi, na mifumo mingi inafunga orodha yenyewe ukitoka. Ukijisahau ukapiga Esc, bonyeza `gi`, inakurudisha kwenye kisanduku cha kuandikia, na kama siyo chako piga Tab mpaka pako.

Karani_Mtulivu
Kidole kimeshazoea Esc miaka sita, mkuu. Nitafanya ya Babu kwanza.

Fundi_wa_Zamu
Basi usinitafute.

Mama_Kulwa
Mkono je?

Mpekuzi_77
Nilijua atachagua hiyo. Bado nasema ni mtu wa mifumo.

Karani_Mtulivu
Mrejesho, wakuu. Nimefika ofisini saa moja kasoro. Nimefungua fomu za wiki hii, 31. Nne zina mdhamini wa jina moja tu. Mmoja ni "Mwajuma" na namba yake ya simu haipo, nadhani nilimwandikia nje ya kisanduku mpaka mwisho. Nimejaribu Tab na Shift na Tab kwenye fomu tupu: orodha inafunga, kimstari kinarudi, ila jina lote linakuwa limechaguliwa, nikiandika linafutwa. Inabidi nibonyeze mshale wa kulia kwanza.

Shangazi, mtu wa mifumo anaingia saa tatu. Sijaamua nimwambieje.

Shangazi_Mkali
Anza na zile nne.

Kinyozi_wa_Kona
Na Alex kapata mkopo?