Ujumbe wa Desemba kwa wateja wa dini mbalimbali: tuandike nini?

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kisumu: Kila Desemba nawatumia wateja wote ujumbe mfupi wa simu. Mwaka jana uliandikwa: "Tunaposherehekea kuzaliwa kwa Mwokozi wetu, tunawatakia Krismasi yenye baraka." Mteja wangu mkubwa, fundi Mwislamu, aliniuliza kama bado namhesabu miongoni mwa wateja. Je, niandike "Heri za msimu" tu?

Mwuza nafaka, Mumias: Mimi ni Mwislamu, na nikiambiwa "Heri za msimu" huwa najiuliza ni msimu gani, wa mahindi au wa mvua. Krismasi itaje kwa jina, kwani hapa tumeishi na majirani Wakristo tangu enzi za Nabongo Mumia, na siku hiyo tunaalikana chakula. Kilichomkera huyo fundi, nadhani, ni kuingizwa katika imani isiyo yake na mtu anayemuuzia saruji.

Karani wa mauzo, Nakuru: Dawa yake ni rahisi: gawanya orodha. Wenye majina kama Hassan na Fatuma wapelekee salamu za Idd, akina Patel wapelekee za Diwali, na waliobaki wapate Krismasi. Sisi tumefanya hivyo, na malalamiko yamepungua.

Mshauri wa mawasiliano ya biashara, Kisumu: Ndugu karani, uko sawa kwamba Idd na Diwali zinastahili salamu zake kwa wakati wake, lakini kubahatisha dini ya mtu kwa jina lake kutakuponza. Mumias kuna Waislamu wengi wanaoitwa kwa majina ya ukoo wa Kiluhya tu, na kuna Wakristo wanaoitwa Zainabu kwa sababu ya bibi zao. Isitoshe, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu imani ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, kwa hiyo orodha ya wateja iliyopangwa kwa dini ni mzigo ambao duka la mabati halina haja ya kujitwika.

Mzee mwenye duka, ningeandika ujumbe mmoja kwa wote:

"Mpendwa mteja, asante kwa kununua kwetu mwaka huu. Kwa wote wanaosherehekea, Krismasi njema. Tutafunga 25 na 26 Desemba, tutafungua 27. Heri ya mwaka mpya."

Shukrani imetangulia kwa sababu inamhusu kila mteja, hata Shahidi wa Yehova ambaye hasherehekei Krismasi kabisa. Sikukuu imetajwa bila kumfanya msomaji awe mmoja wa waumini wake, na siku za kufunga zinampa fundi sababu ya kuusoma ujumbe hadi mwisho. Pia umekaa ndani ya herufi 160, yaani unalipiwa kama ujumbe mmoja. Ukiongeza emoji moja tu ya mti wa Krismasi, kikomo kinashuka na utalipia ujumbe tatu kwa kila mteja.

Tahadhari moja kuhusu Idd: usiupange ujumbe ujitume wenyewe kwa tarehe ya kalenda. Mwezi usipoandama, utawapa watu mkono wa Idd wakiwa bado wamefunga. Ngoja tangazo la Kadhi Mkuu, kisha utume.

Mama mboga, Kondele: Mimi naomba hizo salamu zisitumwe kabisa. Kuna duka moja linaniamsha usiku wa manane kwa ofa, na sioni namna ya kujiondoa.

Mshauri: Hilo ni jambo jingine, mama, ingawa una haki ya kukataa matangazo na duka linapaswa kukuonyesha njia ya kujitoa. Kwa kuwa umetaja ofa: ikiitwa "Ofa ya Krismasi", wapo watakaodhani haiwahusu. Iitwe ofa ya Desemba.

Mhudumu wa kanisa, Kakamega: Mimi sijaridhika. Duka ni la Mkristo; kwa nini aifiche imani yake ili asimkwaze mnunuzi wa misumari? Angalau aongeze "Mungu awabariki."

Mwuza nafaka, Mumias: Hilo hata mimi naitikia amina.

Mshauri: Wewe utaitikia, ila mteja Mhindu sijui atalipokeaje, na sitaki kumsemea. Mwenye duka akitaka kuitaja imani yake, aitaje kama yake: "Familia yangu inasherehekea Krismasi, nanyi tunawatakia heri." Hapo hajaficha kitu wala hajamvuta mtu.

Mwenye duka: Nitautumia ule mmoja, bila emoji. Hilo la "Mungu awabariki" nitamuuliza kwanza mteja wangu wa Kihindu anayechukua rangi kila Jumatatu, na Diwali ijayo nitajaribu kuwapa wote salamu vilevile, hata kama mhudumu wa kanisa atanishangaa.

Mhudumu wa kanisa, Kakamega: Nitakushangaa, ndiyo. Lakini tuma.