Nani aoanishe majina ya vipimo na LOINC: maabara zenyewe au timu ya kanzidata?

Mkusanyaji: Maabara za Dar, Bukoba na Bujumbura zinatuma majibu kwenye kanzidata moja ya wagonjwa wa figo, na kila moja ina majina yake. Misimbo ya LOINC, ile orodha ya kimataifa inayokipa kila kipimo namba yake, iwekwe na maabara zenyewe au na timu yetu ya kanzidata? Naomba hoja.

KakaJedwali: Timu ya kanzidata, bila mjadala. Vuta majina yote kwenye jedwali moja, pitisha programu ya kulinganisha herufi, yanayofanana kwa asilimia 90 yapokee, yaliyobaki mtu akae nayo mchana mmoja. Ukiwaachia maabara hamtamaliza. Watu wa maabara hawajui kuandika: creatinine peke yake wanaiandika kwa namna kumi. Halafu LOINC yenyewe nadhani inalipiwa, kwa hiyo leseni moja ya timu inatosha.

DadaSampuli: Hawajui kuandika? Kaka, mfumo wa maabara ukikupa nafasi ya herufi nane kwenye jina la kipimo, utaandika CREAT na hutakuwa na namna nyingine. Huo si uzembe.

Na hiyo asilimia 90 yako ni hatari. FBP ya Dar, FHG ya Nairobi na NFS ya Bujumbura ni picha nzima ya damu ile ile, lakini programu yako itaziona ni vitu vitatu. HB na HBS inaweza kuziona ndugu, wakati ya kwanza ni himoglobini na ya pili ni homa ya ini. PT sehemu moja ni muda wa damu kuganda, sehemu nyingine ni kipimo cha mimba. Anayejua ni ipi ni yule aliyeshika sampuli.

KakaJedwali: Dada, sikusema ni wajinga.

DadaSampuli: Uliandika "hawajui kuandika". Bado ipo hapo juu.

MzeeKipimo: Tulieni. Kwanza, LOINC hailipiwi. Unajisajili, unakubali leseni yao, unapakua. Inatunzwa na taasisi ya Regenstrief kule Indiana tangu 1994.

Pili, mnabishania tahajia wakati tahajia ndiyo sehemu nyepesi. Kanzidata hii ni ya figo, basi tuangalie urea. Mstari huu unaweza kutoka maabara yoyote:

```
UREA | 42 | mg/dL | 7 - 20
```

Jina limeandikwa sawasawa, hakuna herufi iliyokosewa, na programu ya Kaka italipeleka moja kwa moja kwenye 3091-6, yaani urea kwa uzito katika seramu au plazima. Sasa tazama kiwango cha kawaida pale mwisho. Urea nzima kwa mg/dL huwa kama 15 hadi 45. Hiyo 7 hadi 20 ni ya nitrojeni ya urea, ile ambayo mashine nyingi huandika BUN. Msimbo wake ni 3094-0. Molekuli ya urea ina uzito wa 60, na nitrojeni iliyomo ni 28 tu, kwa hiyo namba mbili hizo zinatofautiana mara 2.14.

Ukiichukua 42 kama urea, unapata 7 mmol/L, mtu yuko ndani ya kawaida. Ukiichukua kama nitrojeni, ni 15 mmol/L, huyo figo zake zinahitaji kuangaliwa. Jina halikusaidii kujua ni yupi. Kinachosaidia ni kiwango cha kawaida, na kijitabu cha kitendanishi kilichowekwa kwenye mashine.

Nahodha_wa_Data: Shikamoo Mzee. Ila vizio havina uhusiano na LOINC. mg/dL na g/L zote zinakwenda msimbo mmoja. Ndiyo maana sisi safu ya vizio tunaifuta kabla ya kuoanisha, inaleta kelele tu.

MzeeKipimo: Marahaba. Nusu ya kwanza ni kweli. UREE ya Bujumbura ikija 0.42 g/L na ya Dar ikija 42 mg/dL, zote ni uzito kwa ujazo, msimbo 3091-6. Lakini Bukoba ikituma mmol/L, hapo kinachohesabiwa ni moli na msimbo ni 22664-7. Ukishafuta safu ya vizio huwezi tena kuzitenganisha. Na hata zile mbili zenye msimbo mmoja, bila kizio utaweka 0.42 na 42 kwenye grafu moja. Msichana wangu, au kijana wangu kama ni kijana, irudisheni hiyo safu leo.

Bahari_Shwari: Samahani jamani, mimi nimepima juzi, karatasi imeandikwa urea 42. Kwa hiyo nina figo mbovu?

DadaSampuli: Pole. Mada hapa ni ya misimbo, lakini angalia kwenye karatasi hiyo hiyo kizio na kiwango cha kawaida kilichochapwa pembeni, na kama kuna kreatinini. Mpelekee daktari karatasi nzima. Usimpe namba kwa mdomo.

KakaJedwali: Sawa, urea nimekubali. Lakini ukiwapa maabara orodha ya LOINC watachagua ya kwanza wanayoiona. Nimepokea faili la maabara moja ambapo 3091-6 imekuwa "Jun-91", kwa sababu Eksel iliidhania ni tarehe. Na 3094-0 ikabaki salama, maana hakuna mwezi wa sifuri, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Hao ndio niwaachie?

DadaSampuli: Eksel ndiyo imefanya hivyo, Kaka, na dawa yake ni kuifanya safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika. Usirudi kulekule.

Mimi sisemi maabara ichague msimbo. Maabara ijaze fomu: jina kama linavyoonekana kwenye mfumo, aina ya sampuli, kizio, mashine na kitendanishi, kiwango cha kawaida, na majibu ishirini halisi yasiyo na majina ya wagonjwa. Timu ichague msimbo. Kisha msimamizi wa maabara asome jina refu la LOINC na aweke sahihi.

Mkusanyaji: Hilo naweza kulitekeleza. Maabara ikibadilisha mashine je? Jina linabaki UREA.

MzeeKipimo: Ndiyo shida kubwa kuliko ya siku ya kwanza. Kila mwezi chukua namba ya katikati kwa kila maabara na kila msimbo. Ikiruka ghafla karibu mara 2.14, juu au chini, urea imebadilika kuwa nitrojeni au kinyume chake. Kreatinini ikiruka karibu mara 88, mg/dL imekuwa µmol/L. Ugonjwa haubadiliki kwa uwiano huo usiku mmoja. Mstari mpya kwenye jedwali uwe na tarehe ya kuanza, na wa zamani usifutwe.

KakaJedwali: Na majibu ya zamani yasiyo na kiwango cha kawaida wala kizio? Tunayo mengi. Mimi nayagawa kwa namba zenyewe: katikati ikikaribia 14 ni nitrojeni, ikikaribia 30 ni urea.

MzeeKipimo: Kwa wagonjwa wa kawaida ningekuelewa. Hawa ni wa figo, namba zao ziko juu tayari. Nitrojeni ya mgonjwa wa figo inaingia palepale kwenye urea ya mtu mzima wa afya. Acha msimbo wazi, hifadhi jina na namba kama zilivyokuja.

KakaJedwali: Ukiacha wazi, majibu hayo hayaingii kwenye uchambuzi wowote. Miaka ya mwanzo yote ya utafiti inapotea.

DadaSampuli: Daftari za vitendanishi za miaka hiyo huwa zinatunzwa na maabara. Muulizeni msimamizi wa stoo kabla hamjakisia.