Alama za usafi wa data ziguse bonasi ya karani?

Mtu wa Leja: Ofisini kuna kadi ya alama ya data ya wazabuni na vipuri vilivyomo kwenye mfumo wa SAP: rekodi pacha, sehemu tupu, rekodi zilizolala. Bosi anataka alama zikate bonasi ya karani kila robo mwaka. Ni haki? Ingawa na nyie wa mikoani mnaingiza ovyo, tusifichane.

Dada wa Mbeya: Ovyo? Mzabuni yuko mlangoni, dizeli ya jenereta inatakiwa leo, fomu haina TIN, na nyie wa Dar mmeifanya sehemu ya lazima. Naandika 999999999, kazi inaendelea.

Kipimajoto: Umejishtaki mwenyewe 😀

Dada wa Mbeya: Nini? Kadi inanipa asilimia 98.

Mama Mizania: Hiyo 98 inahesabu sehemu zilizojazwa, haiulizi zimejazwa nini. Kwetu wazabuni 4,000, wenye TIN 3,920. Kumbe 310 wana tisa tupu kama zako. Watoe, wanabaki 3,610, yaani asilimia 90. TIN kwetu inakaa safu ya STCD1:

```sql
SELECT STCD1, COUNT(*) FROM LFA1
WHERE STCD1 <> ''
GROUP BY STCD1 HAVING COUNT(*) > 1
ORDER BY 2 DESC;
```

Tisa zinapanda juu kabisa, pacha wanafuata chini yake.

Kipimajoto: Basi rahisi. TIN ikijirudia, futa mmoja.

Mama Mizania: Taratibu, baba. Mwenye matawi anaweza kuwa na rekodi mbili kihalali, kila tawi na akaunti yake ya benki. Na hufuti, unamfunga, maana ankara za nyuma zinamtaja. Anayeuma ni pacha wa kweli. Mfumo unakagua ankara iliyojirudia chini ya namba ileile ya mzabuni. Ikiingia tena chini ya namba nyingine, inapita kimya. Matairi tumeyalipa mara mbili hivyo: huku "Co. Ltd", kule "Company Limited".

Mzee wa Stoo: Mimi nina beringi. Makao makuu waliona 6205-ZZ na 6205-2RS majina yamefanana, wakaziunganisha. Moja ina kifuniko cha bati, nyingine cha mpira. Fundi akapewa ya bati kwa pampu inayorukiwa maji, haikumaliza mwezi. Halafu beringi ya mtambo mkubwa haijatoka miaka mitatu, kadi inasema imelala. Haijalala, inasubiri mtambo uharibike!

Dada wa Mbeya: Shikamoo Mzee. Hebu tuulizie, aliyeunganisha beringi ni wa mkoa gani?

Mzee wa Stoo: Marahaba. Ana kiti cha kuzunguka, basi.

Mtu wa Leja: Neno "ovyo" nimelifuta jamani. Bonasi je?

Mama Mizania: Mkiigusa, tisa zitaisha, kila karani atabuni TIN yake tofauti. Hapo hata swali langu la juu halitawaona.

Dada wa Mbeya: Tutabuni? Na wewe umeanza?