Nanomita 28 au 7 kwa chipu ya kudumu miaka 10?

Kizingiti: Wakuu, wiki hii lazima tuamue. Chipu yetu itadhibiti mota kwa miaka 10. Nanomita 7, ambayo njia ya transista ni pezi jembamba lililosimama, inakula umeme kidogo, lakini nasikia transista zake huchakaa mapema.

BiSaketi: Umeacha yale ya maana. Silikoni itafika joto gani? Volteji je? Itafanya kazi mfululizo au italala?

Dreni_K: Chukua 28. Njia ikiwa fupi, elektroni hupata kasi na kuumiza oksidi karibu na dreni. Mkishusha volteji, tatizo limekwisha.

BiSaketi: Limepungua, halijaisha. Vipimo viliendelea kupungua huku volteji ikikwama karibu na volti 0.7 hadi 1, kwa hiyo uga umezidi kuwa mkali. Pezi nalo ni jembamba, joto lake halina pa kutokea. Na BTI, uchakavu unaoletwa na volteji ya geti, haihitaji mkondo kabisa: geti ikiwa na volteji na pakiwa na joto, vifungo vya silikoni na haidrojeni vinakatika, chaji zinanaswa kwenye oksidi, kizingiti, yaani volteji ya kuiwasha transista, kinapanda.

MtiWaSaa: Hapo ndipo tulipoumia. Chipu yetu ilipita majaribio yote ya kiwandani, kisha baadhi zikaanza kukosea kazini. Za kwanza zilikuwa zile zilizolala sana! Ili kuokoa umeme tulikuwa tunasimamisha saa ya chipu mawimbi yake yakiwa chini. Kwenye mnyororo wa vigeuzi, kila transista ya P ya pili ilibaki imewashwa miezi kadhaa, ikachakaa kwa BTI. Saa ilipoamka, ukingo wa kupanda ulipita kwenye transista zilizopumzika, ukingo wa kushuka ukapita kwenye zile zilizochakaa, zote. Nusu ya juu ikapanuka, ya chini ikabanwa, na njia zinazotegemea nusu mzunguko zikashindwa. Tulipopunguza masafa ya saa, makosa yakatoweka.

Dreni_K: Si BTI hujiponya ukiondoa volteji?

BiSaketi: Sehemu tu. Tena huanza kupona ndani ya mikrosekunde, kwa hiyo ukipima polepole utaiona nzima kuliko ilivyo.

Pezi_Moto: Mimi nimepandisha volteji ya kompyuta yangu ya michezo. Niirudishe?

MtiWaSaa: Irudishe. Volteji huchakaza haraka kuliko muda.

Kizingiti: Samahani kwa kuchelewa. Nyuzi 125, hailali, volteji bado tunabishana.

BiSaketi: Basi anza na volteji. Tuseme mmepima kizingiti kimehama milivolti 30 baada ya saa 1,000. Miaka 10 ni saa 87,600. Kuhama hukua kwa muda uliopandishwa kwa kipeo fulani; kwa kipeo cha 1/6, muda huo unazidisha mara 2.1 tu, yaani milivolti 63. Kipeo kikiwa 0.25, mnavuka 90. Mwenye kiwanda amewapa kipeo gani?

Dreni_K: Bado nasema 28.

MtiWaSaa: Hata kwa 28, saa isisimame upande mmoja.

Kizingiti: Kipeo hatujapewa. Naenda kukiuliza.