Naomba ushauri: mapunye kichwani kwa mtoto, krimu haijasaidia

Wakuu, naomba ushauri. Mtoto ana miaka 5, kilo 18, na mabaka mawili ya mapunye kisogoni. Nywele zimekatikia usawa wa ngozi, zimebaki vidoti vyeusi. Amepakwa klotrimazole wiki 3. Magamba yalipungua, kisha yakarudi. Sababu naielewa: fangasi wa kichwani huingia ndani ya unywele mpaka kwenye shina, na krimu haifiki huko. Ingekuwa baka dogo la mkononi, krimu ingeweza kutosha.

Daktari ameandika griseofulvini, miligramu 20 kwa kila kilo, yaani 360 kwa siku, kwa wiki 8. Anapewa pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo mwili haufyonzi dawa vizuri.

Kinachonisumbua ni mdogo wake wa miaka 3. Wanalalia mto mmoja na kuchangia kitana. Hana baka lolote, ila mtoto anaweza kubeba fangasi hawa bila dalili na kumrudishia mwenzake. Je, aoshwe tu kwa shampuu ya ketokonazole mara 2 kwa wiki, povu likae dakika 5, au apimwe kwanza? Na mashine ya kinyozi mnahakikishaje ni safi? Kuifuta kwa spiriti huku nywele zimenasa kwenye meno naona ni bure.