Tupeane uzoefu: kuielezea chatboti somo jipya na kuiomba itafute mapengo

Duka_na_Daftari: Wakuu, habari za jioni. Waliojisomea kwa njia hii naomba mtueleze. Unasoma sura, unafunga kitabu, unaieleza chatboti kwa maneno yako, kisha unaiomba ikuonyeshe ulipopwaya. Mimi nimeanza uhasibu ukubwani, huku nina duka la kuendesha. Kinachonisumbua ni kwamba inanisifia hata pale ninapojua nimebabaisha. Nyie mnafanyaje?

Kijana_wa_Chuo: Iambie iwe mwalimu mkali asiye na huruma, basi. Itakutolea makosa yote.

Mama_Leja: Ukali unasaidia kidogo, mwanangu, lakini "yote" hapana. Ukiilazimisha ikosoe, itakosoa hata kilicho sawa, au itakulaumu kwa kuacha jambo ambalo sura yenyewe haikuligusa. Nafundisha vijana wanaojiandaa na mitihani ya uhasibu ya NBAA, na shida ninayoiona ni nyingine. Chatboti tayari inajua somo, kwa hiyo ukiacha pengo inalijaza yenyewe, inasoma ulichokusudia badala ya ulichoandika.

Mwanafunzi wangu mmoja alieleza uchakavu hivi: "Ni fedha unayotenga kila mwaka ili friji likifa ununue jingine." Akaambiwa maelezo ni mazuri, aongeze mfano tu. Nikamwambia afungue mazungumzo mapya na aandike hivi: "Haya ni maelezo yangu. Tatua hesabu ifuatayo kwa kutumia maneno yangu peke yake, hata kama yana kosa. Yasipotosha kujibu, simama na useme ni wapi."

Hesabu nilimtungia mimi. Friji limenunuliwa 1,500,000, litatumika miaka 4, kisha litauzwa 300,000. Baada ya kulinunua, benki imebaki 800,000. Mwaka huo mauzo ni 5,000,000 na matumizi 4,000,000, yote taslimu. Faida ni kiasi gani, na benki kuna kiasi gani?

Uchakavu ni 1,200,000 kugawa kwa 4, yaani 300,000 kwa mwaka. Faida ikatoka 700,000, sawasawa. Lakini benki ikatoka 1,500,000, kwa sababu kwa maneno yake ile 300,000 imetengwa pembeni. Jibu ni 1,800,000. Fedha ya friji ilitoka siku ya kununua. Uchakavu unagawa gharama ile kwenye miaka ya matumizi, na hakuna shilingi inayohama. Kijana aliliona pengo mwenyewe kabla hajaambiwa.

Duka_na_Daftari: Mama, hapo umenigusa. Hata mimi nilidhani kuna mahali ile fedha inakaa.

Mama_Leja: Wengi wanadhani hivyo. Ukitaka kununua friji jingine, itabidi utenge fedha kweli, na hiyo ni hatua nyingine kabisa. Na jibu la hesabu ulitafute kwa kalamu kwanza, au uchukue swali lenye majibu nyuma ya kitabu. Chatboti ikiteleza kwenye hesabu utadhani pengo ni lako. Wakati mwingine inasahau sharti la "maneno yangu peke yake" na kutoa jibu sahihi kwa elimu yake. Ndiyo maana namtaka aiambie itaje, kila hatua, sentensi yake iliyotumika. Hatua isiyo na sentensi ndiyo ya kuichunguza.

Bi_Zuhura: Samahani, hii inaweza kuniandikia asaimenti ya takwimu? Inatakiwa Ijumaa.

Kijana_wa_Chuo: Dada, hapa wewe ndiye unayeandika, yenyewe inakagua.

Fundi_Waya: Mimi nasomea umeme wa majumbani. Niliandika kwamba ile swichi ya usalama inayoitwa RCD hukata umeme ukizidi, kama sakiti breka. Ikaniuliza: mtu ameshika waya, miliampea 50 zinapita mwilini kwenda ardhini, breka ya ampea 16 itakata? Haikati, miliampea 50 ni kidogo mno kwake. Ile swichi hulinganisha umeme unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, na ya miliampea 30 ingekata hapo. Mimi sikuipa swali, niliiambia tu: "Usinifundishe, niulize swali moja ambalo maelezo yangu yatalishindwa."

Mama_Leja: Agizo zuri hilo, fundi. Kwa mtu asiye na wa kumtungia swali, aanze na hilo.

Kijana_wa_Chuo: Mimi naiomba maksi kati ya 10. Nilianza na 6, sasa nipo 9.

Fundi_Waya: Peleka maelezo hayohayo kwenye mazungumzo mapya uone kama utapata 9. Mimi zilibadilika bila kugusa neno.

Duka_na_Daftari: Na lugha je? Kitabu na mtihani ni Kiingereza, lakini nikieleza kwa Kiswahili ndipo najua kama nimeelewa.

Mama_Leja: Mimi nawaambia waanze na Kiswahili, maana Kiingereza wanakariri sentensi za kitabu na pengo halionekani.

Fundi_Waya: Kwangu imekuwa kinyume, mama. Kwa Kiswahili ilinichanganyia majina ya vifaa, nikapoteza muda kubishana nayo. Naeleza kwa Kiingereza changu kibovu hivyohivyo.